Msiwapake majivu: barua ya wazi kwa wapiga picha wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Kwa wenye studio na wapiga picha wa Mbinga mjini, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi,



Mimi ni fundi wa kusafisha na kuchapa picha hapa Songea. Kazi zenu za harusi, kipaimara na komunyo ya kwanza hunifikia kila msimu, na sehemu kubwa huziingiza kwenye mashine bila kugusa kitu, maana mnajua kazi. Leo naandika kuhusu jambo moja tu ambalo limeendelea kujirudia hadi nimeona afadhali tulizungumze hadharani kuliko kumpigia simu mmoja mmoja: namna mnavyoondoa wekundu kwenye ngozi iliyounguzwa na jua, hasa ngozi ya wateja wenye ualbino.

Kule kwetu jua halina huruma kwa ngozi isiyo na kinga. Mbinga iko juu milimani, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inayounguza inavyozidi, hata kama asubuhi mmejifunika masweta. Mwezi wa saba mtu anachuma kahawa kwenye ubaridi, hahisi joto, anarudi jioni mashavu yamebabuka. Ukishuka ziwani, mchanga mweupe unarudisha sehemu ya miale hiyo kutoka chini, kwa hiyo anayeanika dagaa huungua hata kidevuni na chini ya pua, mahali ambapo kofia haifiki. Mtu huyo anapokuja studio Jumamosi na suti yake, mnakutana na uso wenye rangi mbili: paji la uso lililofichwa na kofia lina rangi yake ya krimu yenye joto, na mashavu, pua, masikio na shingo ni mekundu.

Mnachofanya wengi wenu ni kwenda kwenye rangi nyekundu na kuipunguza nguvu. Kitelezi cha `Saturation` upande wa `Reds` kinashushwa hadi −40, wakati mwingine −60. Wekundu unaondoka, kweli. Pamoja nao unaondoka uhai. Shavu linabaki la kijivujivu, midomo inakuwa kama ya mtu aliyetolewa majini, na kama picha ilipigwa shambani, punje za kahawa zilizoiva nyuma ya bwana harusi zinageuka rangi ya matope. Wengine wanapitia njia ya pili, ya kupoza picha nzima kwa kuisogeza kuelekea bluu na kijani. Hapo shavu linatulia kidogo, lakini lile paji la uso ambalo halikuwa na kosa lolote linageuka rangi ya nta, na jua la jioni la Mbamba Bay, ambalo ndilo lililomfanya mteja atake kupigwa ufukweni, linatoweka.

Njia zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinachukulia kwamba kwenye ngozi iliyoungua kuna nyekundu iliyozidi. Fungueni dirisha la `Info`, mpitishe kishale juu ya paji la uso kisha juu ya shavu la mtu huyohuyo, mlinganishe namba. Mtaona nyekundu haijapanda. Kwa kawaida iko palepale au imeshuka kidogo. Kilichoporomoka ni kijani, na bluu imefuata nyuma. Sababu iko chini ya ngozi. Jua likiunguza, mishipa midogo inatanuka na damu inajaa karibu na uso wa ngozi, na damu humeza sana mwanga wa kijani, ule wa urefu wa mawimbi kati ya nanomita 540 na 580 hivi. Mwanga mwekundu inauacha upite na kurudi kwenye kamera. Kwa hiyo picha ya shavu lililobabuka ni picha ya ngozi iliyonyang'anywa kijani. Ukipunguza nyekundu, unamnyang'anya mara ya pili. Dawa ni kumrudishia kijani alichopoteza, kwa kiasi, na pale tu alipokipoteza.

Kitelezi kinachofanya hivyo ni `Hue`. Ukikisogeza kwa upande wa nyekundu kuelekea chungwa, Photoshop haigusi chaneli iliyo juu kabisa, ambayo hapa ni nyekundu, wala iliyo chini kabisa, ambayo ni bluu. Inapandisha ile ya katikati tu, na kwenye ngozi ya binadamu ya katikati ni kijani. Ndiyo maana msogeo mdogo wa `Hue` unaponya shavu bila kulipoza. Joto la ngozi linakaa kwenye umbali kati ya nyekundu na bluu, na umbali huo haujaguswa.

Tuchukue picha moja ya mfano. Kijana mwenye ualbino, mkulima wa kahawa, amepigwa akiwa kando ya shamba, saa nne asubuhi, kivulini. Paji la uso, sehemu iliyofichwa na kofia, linasomeka 224, 172, 140. Shavu linasomeka 214, 128, 116. Badilisheni `Info` isome kwa HSB na mtapata kwamba paji la uso liko kwenye nyuzi 23 za duara la rangi, na shavu liko kwenye nyuzi 7. Tofauti ni nyuzi 16, na hiyo ndiyo kazi yote iliyo mbele yenu. Paji la uso ndilo mwalimu wenu. Msichukue rangi ya ngozi kutoka picha ya mtu mwingine, wala kutoka kwenye mipangilio mliyoinunua mtandaoni, ambayo mingi imepimwa kwenye ngozi za Wazungu. Kama hakuvaa kofia, angalieni ndani ya mkono juu ya kiwiko, au nyuma ya kola.

Wekeni leya ya `Hue/Saturation` juu ya picha. Kwenye orodha chagueni `Reds`, kisha kwa ile alama ya kidondoshi bofyeni mahali pekundu kuliko pote, kwa kawaida juu ya mfupa wa shavu. Sasa fanyeni kituko cha makusudi: `Hue` ipelekeni hadi +180. Kila kilichochaguliwa kitageuka cha bluu-kijani, na mtaona papo hapo mlichoshika. Mara nyingi mtakuta mmeshika uso mzima, midomo, tai na punje za kahawa. Chini ya dirisha kuna mstari wa rangi wenye alama nne. Mbili za ndani zinaonyesha eneo linaloguswa kikamilifu, mbili za nje zinaonyesha mahali athari inapokufa kidogo kidogo. Kwa kijana wetu, za ndani ziwekwe kati ya nyuzi 355 na 12, ya nje upande wa kushoto 340, na ya nje upande wa kulia 30.

Hapo kwenye 30 naomba msimame kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinazonifikia huharibikia. Mtu akiona paji la uso lina nyuzi 23, anataka kuliokoa kwa kuibana alama ya nje hadi 18 au 20. Inaonekana ni busara. Lakini hesabu yake inageuka: ukisogeza `Hue` kwa nyuzi 10, pikseli iliyokuwa kwenye 12 inaruka hadi 22, na jirani yake aliyekuwa kwenye 20 anabaki palepale kwenye 20. Sehemu iliyokuwa nyekundu zaidi sasa ni ya njano kuliko jirani yake. Kwenye skrini ya simu huoni kitu. Kwenye karatasi ya A4 unaona pete kuzunguka shavu, mithili ya doa la chai lililokauka kwenye kitambaa. Kanuni ni nyepesi: umbali kati ya alama ya ndani na ya nje uwe mkubwa kuliko msogeo mnaotaka kuufanya. Msogeo wa 10 unataka mteremko wa 15 au zaidi. Paji la uso tutalilinda kwa maski.

Mkisharidhika na eneo, rudisheni `Hue` kwenye sifuri, kisha ipandisheni taratibu hadi +10. Shavu linatoka nyuzi 7 na kufika 17, na namba zake zinakuwa 214, 144, 116. Angalieni tena: nyekundu na bluu hazijatikisika, kijani kimepanda kwa 16. Baada ya hapo ndipo `Saturation` inapopata nafasi yake, na ni −12 tu, ambayo inaleta 208, 147, 122. Msiende mbali zaidi ya hapo. Kuna nyuzi sita zimebaki kati ya shavu na paji la uso na nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu katikati ya uso wa mtu yeyote aliye hai pana wekundu zaidi kuliko paji. Wachoraji wanalijua hili tangu zamani. Mkizimaliza zote sita mtapata uso wa sanamu.

Kitelezi cha `Lightness` ndani ya `Reds` msikiguse. Kinaongeza weupe kama poda, na ngozi ya mtu mwenye ualbino inaonyesha poda hiyo upesi kuliko ngozi nyingine yoyote. Shavu lililoungua huwa pia na giza kidogo kuliko paji. Kama linawasumbua, wekeni leya ya `Curves` kwenye maski ileile na mwinue katikati ya mstari kidogo tu.

Maski yenyewe: igeuzeni nyeusi yote kwa Ctrl+I, chukueni brashi laini nyeupe, `Flow` kama 20, mpake kwenye mashavu, mgongo wa pua, masikio na shingo. Midomo msiiguse. Kona ya ndani ya jicho msiiguse. Shingo ndiyo inayosahauliwa zaidi, hasa ile pembe ya V inayoonekana shati likifunguliwa kifungo cha juu. Nimechapa maharusi wenye uso uliotulia na kifua kinachowaka moto. Mkimaliza, zimeni na kuwasha leya ile mara kadhaa. Ikiwashwa, mtu asionekane amebadilika, aonekane amepumzika.

Wenye simu tu, najua mpo wengi huko Liuli na Lituhi. `Color Mix` ya Lightroom ya simu inafanya msogeo huohuo bila malipo: chagueni duara jekundu, `Hue` isogezeni kulia kidogo, duara la chungwa liacheni. Lakini inagusa picha nzima, kwa hiyo kitenge chekundu kitakwenda nacho. Hapo inabidi mchague mandhari na mavazi kabla ya kupiga, au mkubali kuniletea ile picha ghafi niimalizie mimi.

Sasa kuna wekundu ambao si wa jua kabisa, nao unawadanganya wengi Mbinga kuliko ziwani. Ni wa udongo. Mteja akisimama uwanjani penye udongo mwekundu mtupu na jua liko juu, ardhi inarudisha mwanga mwekundu chini ya kidevu, chini ya pua na chini ya nyusi. Mtoto wa komunyo mwenye gauni jeupe anaonekana ana muwasho shingoni. Mkianza kuchezea `Reds` hapo mtapambana hadi usiku. Kipimo chake ni gauni lenyewe: angalieni upande wa chini wa kola au wa mkono. Kama kitambaa cheupe nacho kina wekundu upande unaotazama ardhi, basi ngozi haina tatizo, tatizo ni mwanga, na suluhisho ni kupaka maski kwenye eneo hilo na kupunguza joto la `Temp` na `Tint` hadi kola iwe nyeupe, ngozi itafuata. Afadhali zaidi ni kutandika shuka jeupe chini, mbele ya miguu ya mteja, nje ya fremu. Shuka linagharimu kidogo kuliko saa yangu moja ya kazi, nawaambia ukweli ingawa najipunguzia wateja.

Kwa upande wa Mbamba Bay mtego ni wa jioni. Pwani yetu inatazama magharibi, jua linazama juu ya maji, upande wa Malawi, na nusu saa ya mwisho linampiga mteja usoni moja kwa moja likiwa la chungwa. Mwanga huo unapandisha nyekundu juu mno. Kwenye ngozi nyeupe chaneli nyekundu inagonga 255 wakati nyingine mbili bado ziko katikati, na kamera yenu kwenye skrini inaonyesha kila kitu kiko sawa kwa sababu inawaonyesha grafu ya mwanga wa jumla. Washeni grafu ya rangi tatu na mwangalie nyekundu peke yake. Ikigonga ukuta wa kulia, shavu limeshapoteza umbo lake na hakuna kitelezi kitakachorudisha kitu. Mtakachopata ni bapa la chungwa lisilo na vinyweleo. Pigeni na giza kidogo, theluthi mbili za stopu, ikiwezekana kwa RAW, kisha mwinue baadaye.

Na tafadhali msinitumie kwa Wasapu kama picha. Ikibanwa namna ile, rangi inahifadhiwa kwa uchache kuliko mwanga, kwa vipande vikubwa vya mraba, na macho ya binadamu hayagundui hadi pale unapochagua rangi moja na kuisogeza. Ndipo vipande vinajitokeza kama viraka kwenye shavu. Tumeni kama dokumenti.

Mtaniuliza kuhusu wateja wenye ngozi nyeusi, ambao ndio wengi. Ngozi ya kahawia nayo ina nyuzi zake karibu na 18, si mbali na ya yule kijana. Tofauti kubwa iko kwenye giza lake. Muwasho kwenye ngozi hii, kama vipele vya kunyoa ndevu au shavu lililochubuliwa na mkorogo, hauonekani mwekundu kama nyanya, unaonekana wa zambarau na mweusi zaidi ya ngozi ya pembeni. Hapo `Hue` isizidi +4 au +5, ikizidi ngozi inakuwa ya kijani kama mzeituni, na sehemu kubwa ya kazi inabebwa na `Curves`. Wa mkorogo wana taabu yao ya ziada, kwa sababu uso na vidole vya mikono ni rangi mbili tofauti na hakuna paji la uso la kuwa mwalimu. Mimi huchukua rangi ya sikio kwa nyuma, na kabla ya hapo humuuliza mwenyewe anataka afanane na upi.

Kuuliza kunawahusu wenye ualbino zaidi. Picha nyingine zinanifikia zikiwa zimevuka mpaka upande wa pili: mtu amepakwa kahawia ili afanane na ndugu zake kwenye picha ya familia, au amefutwa yale madoa ya kahawia ambayo jua la miaka limeyaacha begani. Hakuna aliyeomba. Wekundu wa wiki hii utapita, na kuupunguza ni kumwonyesha mtu alivyo siku nyingine. Madoa ni yake, na rangi ya krimu ni yake. Semeni naye mbele ya skrini kabla hamjachapa. Picha ya pasipoti au ya kitambulisho msiiguse kabisa, na ile ya kupelekwa kwa daktari ndiyo kabisa, maana huko wekundu ndio habari yenyewe.

Kwa kuwa ninyi ndio mnaomtazama mtu usoni kwa ukubwa wa asilimia 100, mtaona vitu ambavyo kioo cha nyumbani hakionyeshi: ukoko usiopona kwenye mdomo wa chini, kidonda kidogo ukingoni mwa sikio ambacho kilikuwepo pia kwenye picha za mwaka jana. Msikifute kimyakimya. Mwonyesheni, mumwambie aende hospitali akaangaliwe, kwa sababu saratani ya ngozi huwaanza hivyo watu wenye ualbino wakiwa bado vijana. Na kama hana mafuta ya kujikinga, aulize hukohuko kuhusu Kilisun, ambayo hutengenezwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, kwa ajili yao hasa.

Ombi langu la mwisho ni la kiofisi. Kuanzia kazi za msimu huu wa kahawa, nitumieni faili la PSD lenye leya ya `Hue/Saturation` ikiwa bado imetengana, pamoja na picha ghafi kando yake. Skrini nyingi za madukani zimetoka kiwandani zikiwa na ubluu, na anayesafisha kwa macho juu ya skrini hiyo huishia kupasha ngozi joto kupita kiasi; leya ikiwa wazi, naweza kupunguza `Opacity` yake hadi 70 kabla ya kuchapa badala ya kuwarudishia kazi nzima. Atakayetaka tukae pamoja juu ya picha zake mwenyewe, aje Songea siku ya katikati ya wiki, mashine huwa haina foleni. Aje na picha mbili tatu zilizomshinda na laptopu anayoitumia kila siku.

Wenu katika kazi,

Fundi picha, Songea